Ndoa Isiyovunjwa Haimo Katika Yaliyopita

Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii ya wahenga imegeuzwa ngao. Anayeitamka siku hizi mara nyingi ni mwanamume mwenye miaka arobaini na kitu, ameketi mbele ya mwanamke anayemchumbia, naye ameulizwa swali dogo kuhusu mama wa watoto wake. Anashusha pumzi, anatazama pembeni, kisha anajibu kwa methali, na muulizaji anajiona mkosefu kwa kuuliza. Waliotunga msemo huo walizungumzia maradhi yaliyokwisha kupona. Hawakusema kwamba ugonjwa uliomo mwilini uitwe wa zamani kwa sababu tu ulianza zamani.

Ninachotaka kubishana nacho leo ni desturi yetu ya kuendesha uchumba wa mara ya pili kwa maswali yaliyopinduliwa kichwa chini miguu juu. Mjane anaulizwa mumewe alikufa na nini, alikufa lini, na nani alikuwepo kitandani. Mwanamke mtalaka anaulizwa alikosa nini hata akaachwa. Wakwe watarajiwa wanauliza, mashoga wanauliza, kiongozi wa jumuiya anauliza. Mwanamume mtalaka au mgane anaulizwa anafanya kazi wapi. Hayo ndiyo yote. Swali ambalo lingeokoa mali, watoto na heshima ya watu wengi, yaani hati ya mahakama iko wapi, halimtoki mtu mdomoni, kwa kuwa eti linaonyesha kutoaminiana.

Msimamo wangu ni huu, na najua utawaudhi baadhi ya wasomaji wangu wa kawaida. Katika maisha ya kwanza ya mtu kuna mambo yanayoendelea kumfunga, na kwa hiyo yatamfunga pia atakayeungana naye. Hayo ni haki ya mchumba kuyajua, na ayajue mapema. Yaliyobaki ni mali ya walioyaishi, mmoja wao akiwa pengine kaburini na hawezi kujitetea. Sisi tunalazimisha yasemwe yale ya kundi la pili na tunasamehe ukimya juu ya yale ya kundi la kwanza.

Nianze na neno lenyewe, kuachana. Lugha yetu ina maneno mengi yanayofanana na talaka bila kuwa talaka: tumetengana, nimemrudisha kwao, aliondoka mwenyewe, kila mtu ana maisha yake. Mtu anaweza kuyasema yote haya bila kudanganya hata herufi moja, na bado akawa mume wa mtu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haina nafasi ya ndoa inayoisha kwa kuchakaa. Ndoa iliyofungwa hudumu mpaka mmoja afariki au itamkwe na mahakama kwamba amehesabiwa kuwa amekufa, mpaka ibatilishwe, au mpaka mahakama itoe talaka. Mke akikaa kwa wazazi wake miaka 10 bila simu wala salamu, bado ni mke. Miaka haihesabiwi kuwa hakimu.

Njia ya kufikia talaka hiyo inajulikana na haina siri. Kwanza mgogoro hupelekwa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, liwe la kata au la taasisi ya dini. Baraza likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati kwamba limeshindwa, ambayo makarani wa mahakama wanaijua kama fomu namba 3. Bila hati hiyo, isipokuwa kwa sababu chache maalumu zilizotajwa na sheria, mahakama haipokei ombi la talaka. Ombi lenyewe laweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya au Mahakama Kuu. Hukumu ikitoka, asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa. Talaka iliyotolewa na mahakama husajiliwa, na RITA ndiyo yenye daftari. Kwa hiyo mtu aliyeachana kweli ana vitu vya kuonyesha: jina la mahakama, namba ya shauri, mwaka, na nakala ya hukumu. Anayesema ameachana lakini hawezi kutaja hata mahakama ilikuwa ya mji gani, huyo hajasahau tarehe. Hana tarehe ya kusahau.

Hapa ndugu zangu Waislamu watanisimamisha, na wana haki. Talaka iliyotamkwa kwa masharti yake ni talaka mbele ya dini, na mwanamke akimaliza eda yake anajiona huru, na jirani zake wanamwona hivyo. Lakini sheria ya nchi haikuifanya kauli hiyo peke yake kuwa mwisho wa ndoa. Inasema kwamba walioana Kiislamu wakipita kwenye Baraza, Baraza likathibitisha kushindwa, kisha mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama itatoa talaka. Mlango umerahisishwa, ila bado kuna mlango. Matokeo yake hayalingani kwa mume na kwa mke. Mume ambaye ndoa yake ya kwanza ilikuwa ya mitala akioa tena kabla ya kuupitia, ana wake wawili machoni pa serikali, na mchumba wake mpya ana haki ya kujua kwamba huenda anakwenda kuwa mke mwenza bila kuambiwa. Mke akiolewa tena kabla ya kuupitia, ndoa yake ya pili ni batu, kwa kuwa sheria hairuhusu mwanamke mwenye ndoa inayoendelea kufunga nyingine. Tena kuna talaka rejea, ambayo ndani ya eda mume anaweza kumrudia mkewe bila ndoa mpya. Anayechumbia mtu aliyeachwa mwezi uliopita auliza nini basi, kama hataulizia talaka ni ya ngapi na eda inaisha lini?

Na Wakatoliki wasicheke pembeni. Kwao tatizo limesimama upande wa pili. Hukumu ya mahakama ya serikali inaweza kuwa mezani, imegongwa muhuri, na bado padre asifungishe ndoa maadamu mwenzi wa kwanza yu hai, mpaka mahakama ya Kanisa itamke kwamba ndoa ile ya kwanza haikuwa halali tangu mwanzo. Nimeona wachumba wakifika kwenye tangazo la kwanza Jumapili ndipo mmoja akagundua kwamba harusi ya kanisani aliyoiota haiwezekani. Mwenzake alilijua hilo siku ya kwanza waliyokunywa soda pamoja.

Kisa ninachokieleza sasa nimekiunganisha kwa vipande vya mashauri ya aina hii, ili asitambulike mtu. Mwalimu wa sekondari, mjane wa miaka 41 mwenye watoto wawili, anakutana mwaka 2017 na fundi wa karakana ya malori. Fundi alifunga ndoa ya Kikristo mwaka 2004. Mkewe alirudi kwa wazazi wake mwaka 2013. Katika mazungumzo ya miezi sita, mwalimu amesimulia kila kitu: maradhi ya marehemu, madeni yake, hata ugomvi wao wa mwisho ambao hakuwahi kumwambia mama yake mzazi. Fundi amesema maneno mawili, tuliachana zamani. Mwalimu aliridhika, kwa sababu maneno hayo yalisemwa kwa huzuni.

Wakaanza kuishi pamoja mwaka 2018. Mwaka 2019 fundi akanunua kiwanja kwa jina lake. Mwalimu akachukua mkopo wa mshahara wa shilingi milioni 8, ukaishia kwenye mabati, mbao za paa na milango. Majirani wakamwita mama fulani, kwa jina la mtoto wa fundi. Mwaka 2022 wakagombana, na mwalimu akaambiwa aondoke. Akaenda Barazani, kisha mahakamani, akiwa na imani kwamba sheria inamtambua, kwa kuwa amesikia mara nyingi redioni kwamba mkiishi pamoja miaka miwili mmeshakuwa mume na mke.

Redio haikumaliza sentensi. Kifungu cha 160 kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowapa sifa ya kuwa mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana kihalali. Lakini dhana hiyo inaweza kukanushwa, na hoja kali ya kuikanusha ni kwamba mmoja wao hakuwa na uwezo wa kuoa. Fundi akasimama mbele ya hakimu, akatoa cheti cha ndoa cha mwaka 2004 na kusema: "Mheshimiwa, huyu sijawahi kumuoa na nisingeweza kumuoa. Mimi nina mke." Nawaomba mkitazame kitendo hicho kwa utulivu. Karatasi aliyoificha miaka mitano kama jambo lililopita, ameitoa kabatini kama silaha, na ni halali kabisa kuitumia. Ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja. Maadamu haikuvunjwa, hapakuwa na nafasi ya mke mwingine, wala dhana ya mke mwingine.

Je, mwalimu hana lolote? Analo, na wengi hawalijui, hivyo nilieleze. Kifungu hichohicho cha 160, katika kijifungu chake cha pili, kinasema kwamba dhana ya ndoa ikikanushwa, mwanamke aliyeishi na mwanamume kama mke kwa miaka miwili au zaidi anaweza bado kuomba matunzo yake na ya watoto waliozaliwa humo, na mahakama inaweza kumpa nafuu nyingine. Lakini sasa haji kama mke anayegawana mali ya ndoa. Anakuja kama mtu anayepaswa kuthibitisha alichochangia. Hati ya mshahara inaonyesha makato ya mkopo, haionyeshi mabati. Risiti za duka la vifaa ziliandikwa jina la fundi kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda na gari. Fundi seremala aliyepaua yuko mkoa mwingine. Na yule mke wa mwaka 2004 hajapoteza chochote: siku atakapofungua shauri lake la talaka, naye atadai fungu katika nyumba hiyo, iliyojengwa wakati ndoa yake ingali hai. Mwalimu amejenga paa juu ya kichwa cha mwanamke ambaye hajawahi kumwona.

Mlinganisho wa yale waliyoambiana ndio hoja yangu yote. Mwalimu alitoa mambo ambayo hayakumfaa fundi kwa lolote, isipokuwa kumtupia wakati wa ugomvi, na alimtupia kweli. Fundi alizuia jambo moja tu.

Sasa nije kwa mjane na swali la alikufa na nini. Najua linatokana na hofu ya VVU, na hofu hiyo si ya kudharau. Lakini swali lenyewe halijibu linachoulizia. Mume anaweza kufa kwa ajali ya bodaboda huku ana virusi, na anaweza kufa kwa homa ya ini bila virusi vyovyote. Cheti cha kifo hakipimi damu ya aliye hai. Kinachohusu mchumba ni hali ya mtu aliye mbele yake leo, na njia ya kuijua ni wote wawili kwenda kupima siku moja, kituo kimoja, na kila mmoja kumwonyesha mwenzake majibu. Kama mmoja alijiweka hatarini karibuni, warudie baada ya miezi 3, kwa kuwa maambukizi mapya yanaweza kupita bila kuonekana kwenye kipimo cha kwanza. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imeweka wazi wajibu huo: aliyepimwa akajijua ana maambukizi anatakiwa kumwarifu mara moja mwenzi wake au anayeshiriki naye ngono. Haijaweka wajibu wa kuwasimulia wifi, shangazi na kamati ya harusi. Sheria hiyo hiyo inalinda usiri wa majibu.

Tena mjane anayetumia dawa za kufubaza virusi kila siku, ambaye virusi vyake vimeshuka mpaka havionekani kwenye kipimo na vimebaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Bado anapaswa kumwambia. Lakini anachomwambia ni habari ya kitabibu yenye tarehe ya kipimo cha mwisho, wala si ungamo la dhambi za marehemu. Mgane naye apimwe. Nashangaa jinsi tunavyomtazama mjane kama mtungi wenye ufa, ilhali mgane, aliyelala kitanda kilekile cha maradhi yaleyale, analetewa mabinti na dada zake kabla tanga halijakunjwa.

Kwa upande wa mirathi, wajane na wagane wote wana kosa la kujisemea vibaya. Mjane anamwambia mchumba, karibu nyumbani kwangu. Huenda nyumba hiyo bado si yake. Kama marehemu hakuacha wosia na mirathi haijafunguliwa, nyumba ni ya warithi ambao bado hawajatajwa, na mara nyingi wamo watoto wadogo na wakwe wazee. Kama imefunguliwa naye ndiye msimamizi, ajue kwamba usimamizi si umiliki. Katika Mahakama ya Mwanzo msimamizi hutakiwa ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe kuwasilisha orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni, kisha kugawa na kutoa hesabu. Mchumba anayehamia humo, akaongeza vyumba viwili na kisima, amewekeza kwenye mali ya watoto wa marehemu. Akija kufukuzwa na mtoto wa kwanza aliyefikisha miaka 25, ataita ukosefu wa adabu kitu ambacho ni haki ya urithi. Mjane angemwonyesha tu hatua iliyofikiwa na mirathi, kila mmoja angejua anasimama juu ya ardhi ya nani.

Kuna wakwe wanaodhani wao ndio wenye ruhusa ya kumpa mjane mume. Wakumbushwe kwamba Sheria ya Ndoa, kifungu cha 68, inasema bila kujali mila yoyote kwamba mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi apendapo, kubaki bila kuolewa, au kuolewa na mwanamume amtakaye. Hivyo mjane hana wajibu wa kumficha mchumba wake kwa shemeji, wala hana wajibu wa kumtambulisha kwake ili akaguliwe. Anachopaswa kumwambia mchumba ni kama kuna shemeji anayedai kumrithi, kwa sababu hilo litagonga mlango wao wote wawili.

Nimebakiza lile kundi la pili, la mambo ambayo hayadaiwi. Namna mke wa kwanza alivyokuwa mvivu, namna mume wa kwanza alivyokuwa kitandani, nani alimpiga nani picha na nani, ujumbe wa watsapu uliohifadhiwa kama ushahidi wa kesi isiyofunguliwa: hakuna hata kimoja cha hivi kinachomfunga mgeni. Mwanamume anayejaza jioni nzima kwa ubaya wa mama wa watoto wake, lakini hajui ada ya muhula huu ni kiasi gani, ametoa taarifa nyingi kuliko alivyokusudia. Ninaweka tofauti moja. Kama mtalaka wa zamani ana tabia ya kuja na panga, kufuatilia au kutishia, mchumba anayeingia nyumbani humo aambiwe, kwa sababu hatari hiyo haikuvunjwa na hukumu. Aambiwe hatari ilivyo sasa. Mwanamke aliyepigwa hana deni la kueleza kila kipigo ili aaminike.

Msomaji mmoja aliwahi kuniandikia kwamba mapenzi si ofisi ya msajili. Ni kweli, ila msajili atakuja tu. Anayetaka kufunga ndoa hutoa taarifa siku 21 kabla, na katika siku hizo yeyote mwenye pingamizi anaweza kujitokeza. Nchi imekubali kwamba mgeni kabisa, aliyesoma tangazo ukutani, ana haki ya kuuliza kama huyu ameshaachana kweli. Sioni kwa nini mtu atakayelala naye, kulea watoto naye na kukopa kwa ajili yake asiulize swali hilo kabla ya mabati kupanda juu. Aulize kwa upole, jioni yoyote, kabla ya kukabidhiana funguo: shauri lenu lilikuwa mahakama gani, na namba yake ni ipi? Mwenye hati ataamka kwenda kuitafuta sandukuni, pengine kwa manung'uniko. Asiye nayo ataanza na methali.